Rupia 2 na pesa 40 si 2.40

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa historia hapa Moshi aliniletea karatasi ya zoezi alilotaka kuwapa wanafunzi wake: orodha ya manunuzi iliyopangwa kama madaftari ya maduka ya mwanzoni mwa utawala wa Wajerumani, safu moja ya rupia na nyingine ya pesa, sarafu ndogo zilizofanya rupia. Alikuwa ameshaiingiza kwenye kompyuta akaandika kila bei kwa nukta, rupia kushoto, pesa kulia. "Kaka, jumla inanikataa," akaniambia. "Nimeihesabu mara tatu."

Mistari yake ilikuwa hii: merikani, rupia 2 pesa 40; chumvi, rupia 1 pesa 52; jembe, rupia 3 pesa 36. Chini, jumla: rupia 8 pesa 0. Kompyuta ilimpa 7.28.

Kujumlisha alijumlisha sawa. Kilichompotosha ni ile nukta. Kwenye desimali, tarakimu zinazofuata nukta huhesabu sehemu za kumi, za mia, za elfu na kuendelea, basi. Ukiandika 2.40 umesema rupia mbili na sehemu 40 za mia. Lakini rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, tangu sarafu za kwanza za 1890 hadi 1904, iligawanywa katika pesa 64. Kwa hiyo pesa 40 ni 40 kwa 64, yaani 0.625, na bei ya merikani kwa desimali ni 2.625. Chumvi ni 1.8125, jembe ni 3.5625. Zijumlishe upate 8 kamili, kama daftari lilivyosema.

Hiyo ndiyo maana ya kugeuza fedha za kale kuwa desimali: kuichukua sehemu ndogo, kuigawa kwa idadi ya sehemu zinazotimiza ile kubwa, kisha kuiongeza kwenye ile kubwa. Kwenye jedwali la kompyuta, rupia zikiwa safu A na pesa safu B, ni hivi tu:

```
=A2+B2/64
```

Kwa nini 64, namba inayoonekana ya ajabu kwetu tuliozoea mia? Itazame kwa macho ya mtu wa sokoni. Nusu ya rupia ni pesa 32, robo ni 16, thumni, yaani sehemu ya nane, ni 8. Endelea kukata nusu kwa nusu: 4, 2, 1. Hakuna mahali unapobaki na kipande. Mia ukiikata hivyo, 50, 25, halafu kwenye thumni unakwama na 12 na nusu. Watu waliopima na kugawa kwa nusu na robo walikuwa na fedha iliyowafuata vizuri kabisa.

Sasa ugumu wenyewe. Mwaka 1904 Wajerumani waliiacha pesa wakaigawa rupia katika heller 100. Jina rupia likabaki. Kwa hiyo ukikuta jedwali moja linalotoka 1902 hadi 1906, "12 48" kwenye mstari wa juu ni rupia 12.75, na "12 48" kwenye mstari wa chini ni rupia 12.48. Tarakimu ni zilezile, thamani ni mbili. Mtu akichora mchoro wa bei bila kuliona hilo, atakuta bei imepanda au imeshuka mahali ambapo kilichobadilika ni mgawanyo wa rupia tu.

Utajuaje uko upande gani, kama kichwa cha safu kimefutika? Mimi huanza na kutafuta namba kubwa kuliko zote kwenye safu ndogo. Pesa haziwezi kuzidi 63, maana zikifika 64 zimekuwa rupia. Ukiona 75 hata mara moja, hiyo ni heller. Kwenye hesabu za rupia ya Kihindi zilizoandikwa kwa ana, safu haivuki 15, kwa kuwa ana 16 ndizo rupia. Kwenye majedwali ya Waingereza yenye shilingi na peni, peni hazivuki 11 na robo tatu. Safu ndefu isiyovuka kikomo fulani inakupa dalili nzuri, ingawa safu fupi inaweza kukuhadaa. Hapo ndipo jumla ya chini inapokuokoa, kama ilivyomwokoa mwalimu: jaribu kila mgawanyo, na ule unaoifikia jumla iliyoandikwa ndio wenyewe.

Mstari wa mkwaju unataka uangalifu wa pekee. Kwenye jedwali la bei za London, 4/6 ni shilingi nne na peni sita, nazo peni 12 hufanya shilingi, kwa hiyo ni 4.5. Lakini shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na senti 100, na ukisoma 4/60 kwenye karatasi ya hapa nyumbani, hiyo ni 4.60. Anayefuatilia bei ya kahawa ya Kilimanjaro kutoka kwa mkulima hadi kwenye mnada wa ng'ambo anaweza kuwa na aina zote mbili mezani. Ukiuingiza mkwaju huo kwenye Excel bila kuilazimisha isome kama maandishi, 4/6 itageuka kuwa tarehe, na ile namba ya asili hutaiona tena. Ndivyo ilivyo hata kwa 1/2 ukikusudia nusu. Andika 0.5, au 0 1/2 yenye nafasi katikati.

Alama ndogo za ½ na ¼ nazo hupotea kwenye picha zilizosomwa na mashine. Peni 5½ hutoka 51/2, na programu ikiigawa inapata 25.5. Peni 25 na nusu haziwezekani kwenye safu inayoishia 11¾, kwa hiyo kikomo kilekile nilichokitaja kinakuonyesha kosa. Irudishe 5.5, igawe kwa 12, upate shilingi 0.4583.

Hiyo 0.4583 tayari imekatwa, maana kugawa kwa 12 mara nyingi hakuishi. Kwa peni, mimi huweka kwanza kila kitu katika peni tupu, najumlisha, kisha nagawa mara moja mwishoni. Kwa pesa hakuna shida hiyo ikiwa hutakata mapema: pesa moja ni 0.015625 kamili. Ukikata kila mstari kwenye tarakimu mbili, jumla inaweza isitimie. Jaribio ni rahisi. Chukua kilicho baada ya nukta, zidisha kwa 64. 0.8125 inarudi 52 bila mabaki. 0.81 inatoa 51.84, na pesa haikuwa na vipande hivyo.

Neno moja la wazee pia lisikupoteze. Sarafu ya senti 50 waliiita thumni au sumni. Jina linasema nane, lakini kwenye shilingi ni nusu, 0.5. Usiigeuze kuwa 0.125 kwa kufuata jina.

Mwalimu tulimwachia safu nne: rupia kama zilivyoandikwa, pesa kama zilivyoandikwa, kigawanyo (64 au 100), na desimali. Safu ya kigawanyo ndiyo niliyomwomba asiifute. Wanafunzi wakifika kwenye mistari ya 1905, wataibadilisha wenyewe.