Ukienda mbele ya kamati ya mikopo, anza na mwezi mbovu

Nimekaa kwenye kamati ya mikopo midogo kwa muda sasa, na swali ninalouliza kwanza ni hili: mwezi gani mauzo yako hushuka? Wengi huja na hesabu ya mwezi mzuri, lakini rejesho hudaiwa hata mwezi ambao wateja hawaonekani.

Chukua mfano wa fundi cherehani anayeomba 1,200: 700 za mashine ya pili na 500 za kitambaa cha akiba. Mwezi wa kawaida anauza 1,000. Vitambaa na uzi vinakula 450, pango na umeme 150, matumizi ya nyumbani 250. Anabaki na 150. Kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, inayotozwa kwenye mkopo wote, atarudisha 1,440 kwa miezi 12, yaani 120 kila mwezi. Anaona inatosha.

Sasa mauzo yashuke hadi 800. Vitambaa na uzi vitapungua hadi 360, lakini pango halipungui na watoto wanakula vilevile. Anabaki na 40, na rejesho ni 120. Pengo ni 80. Kwa kuwa mwezi mzuri humwachia 30 tu baada ya kulipa, itamchukua karibu miezi mitatu mizuri kuziba mwezi mmoja mbovu. Hapo ndipo mtu huanza kukopa huku ili alipe kule.

Ningemshauri aombe 700 za mashine tu, na kitambaa kinunuliwe kwa malipo ya awali ya wateja. Rejesho litakuwa 70. Mwezi mbovu atapungukiwa 30, lakini kila mwezi mzuri unamwachia 80 za kuweka kando. Kama miezi mibovu iko karibu, aombe mkopo baada ya hiyo kupita, maana akianza nayo hatakuwa na akiba yoyote.

Mtaona sijahesabu mapato ya mashine mpya. Nimefanya hivyo makusudi. Msaidizi atakayeitumia atahitaji muda kuzoea kazi na wateja hawaongezeki siku mashine inapofika. Mpango unaolipika kwa biashara iliyopo leo hutupa imani zaidi kuliko unaotegemea mauzo yatakayoongezeka maradufu.

Njoo na daftari la mauzo, hata kama limechakaa, na utenganishe fedha taslimu na mali kauli. Nguo iliyoshonwa na haijalipwa isiingie kwenye hesabu ya rejesho mpaka mteja alipe. Matumizi ya nyumbani nayo yaandike yalivyo. Tukiona familia ya watu sita inaishi kwa 50, tunajua fedha nyingine inatoka kwenye droo ya duka.

Na kama una deni kwenye kikundi au kwa jamaa, litaje mwenyewe na utoe rejesho lake kwenye fedha inayokubakia mwezi mbovu, kama ile 40 ya fundi, kabla ya kutuonyesha kilichobaki.