Safari ya kuunganisha: kusoma njia ya matatu kwenye picha ya ramani

Safari ya kuunganisha ni ile ambayo hakuna gari moja la kukufikisha, hivyo unashuka mahali fulani na kupanda jingine. Kuitafuta kwenye ramani ni kutafuta steji ambako njia inayopita kwako inakutana na njia inayofika unakoenda. Zisipokutana, unatafuta njia ya tatu inayozigusa zote mbili.

Tuchukue ramani ya matatu za Nairobi iliyotolewa 2014 na mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani. Wengi wameiona kama picha tu, iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwenye kikundi. Sema uko Ngong na unataka kwenda Ongata Rongai.

Anza na namba za njia, miishoni mwa mistari. Ngong ni 111, ambayo hupita Karen na Dagoretti Corner hadi mjini. Rongai ni 125 na 126, zinazofuata Barabara ya Langata, kisha zinakata Bomas kuingia Barabara ya Magadi. Mistari hii inakutana mjini, kwa hiyo jibu la kwanza liko wazi: 111 hadi tao, kisha 125 au 126. Unaunganisha mara moja tu, lakini umezunguka karibu kilomita 40 kati ya miji miwili iliyo jirani. Ramani haikuonyeshi hasara hiyo, kwa sababu imechorwa kwa mistari iliyonyooshwa, bila kufuata vipimo vya ardhi. Sentimita mbili zinaweza kuwa mwendo wa dakika tano au nusu saa.

Sasa tafuta njia ya tatu. Namba 24 inatoka mjini kwa Barabara ya Langata, inapita Bomas na kuishia Karen. Kwa hiyo inaigusa 111 pale Karen, na 125 na 126 pale Bomas. Unaunganisha mara mbili, lakini safari inapungua hadi karibu kilomita 25.

Hapa ndipo picha inapodanganya. Kati ya mjini na Bomas, 24 na njia za Rongai zinakwenda sambamba, na kwenye picha yenye ukungu mistari hiyo inaonekana kama mmoja mnene. Ukiufuata kutoka mjini, ni rahisi kurukia mstari wa pili bila kujua. Anzia mwisho wenye mstari mmoja, yaani Karen kwa hii 24, urudi nyuma hadi unapojiunga na wengine. Usiamini rangi peke yake, maana taa ya manjano hugeuza kijani na buluu zikafanana. Amini namba. Na mistari miwili kupishana si ushahidi kwamba magari yanasimama hapo. Tafuta alama ya steji au jina la mahali.

Angalia pia kingo za picha. Njia ya 126 haiishii Rongai, inaendelea hadi Kiserian, na kuna matatu za Ngong hadi Kiserian. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote, na unaunganisha mara moja. Aliyepiga picha akikata upande wa chini, hutaijua. Kwa hiyo kabla ya kusema "hakuna njia nyingine", hakikisha mistari yote inaonekana hadi mwisho wake.

Ukimweleza mtu njia uliyochagua, kumtajia namba pekee hakutoshi. Mwambie apande wapi, gari linaelekea wapi, ashukie wapi, na afanye nini akishuka. Kwa mfano, kama amekataa Kiserian: "Panda 111 ya tao, shuka Karen. Chukua 24 inayorudi mjini kwa Langata, shuka Bomas. Vuka Barabara ya Langata, ungojee 125 au 126 inayoingia Barabara ya Magadi." Kile kipande cha "vuka" ndicho watu husahau, na asiyevuka atarudishwa mjini.

Kisha toa sababu, pamoja na wakati ambapo haifai. Mimi ningemshauri apite Bomas asubuhi, wakati magari yanayotoka mjini yana nafasi. Jioni yanajaa tao na kupita Bomas bila kiti, na hata 24 si gari la kuja kila baada ya dakika chache. Saa hizo Kiserian ni bora. Na kama amekwisha kuwa Dagoretti Corner, aendelee tu na 111 hadi mjini akapande la Rongai pale linapoanzia.