Bodi Haikukulipia Kila Kitu: Kwa Nini Cheti Kinakwama kwa Mhasibu

"Mimi sidaiwi, Bodi ilinilipia." Kila msimu wa mahafali dirisha la mhasibu wa chuo linasikia maneno haya mpaka yanachosha, na anayeyasema huwa na uhakika kuliko mwenye risiti. Basi leo tuyamalize.

Bodi ya Mikopo haikulipii chuo. Inakupa mkopo kwa kiwango ilichokupangia, na sehemu ya ada ya mkopo huo inaipeleka chuoni moja kwa moja. Ukipangiwa asilimia 80 ya ada, asilimia 20 ni yako. Michango mingine ya chuo haimo kwenye ada hata ukipata asilimia mia. Ile ya Tume ya Vyuo Vikuu, shilingi 20,000 kwa mwaka, ndiyo inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu ni ndogo na hakuna anayekufuata bwenini kukudai. Inakusubiri tu mwisho wa safari.

Halafu kuna kusaini. Hapa ndipo watu wanapopotea. Fedha ya ada ikiletwa chuoni haihesabiwi kuwa yako mpaka uithibitishe kwa saini au kwa alama ya kidole, kulingana na utaratibu wa chuo chako. Bumu, ile hela ya kujikimu, likitangazwa, foleni inaanza alfajiri na hakuna anayekosa. Likija tangazo la kusaini ada, nusu ya darasa "tupo fildi". Hela ya ada huioni mkononi, kwa hiyo unadhani haikuhusu. Muda wa kusaini ukipita, fedha ambayo haikusainiwa inarudishwa Bodi, na kwenye akaunti yako ya chuo panabaki deni la muhula mzima.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu. Ada yake ni 1,300,000 kwa mwaka na michango mingine ni 120,000, jumla 1,420,000. Bodi imempangia 1,040,000 za ada, yaani 520,000 kila muhula. Anachotakiwa kulipa mwenyewe ni 380,000 kwa mwaka.

Mwaka wa kwanza alilipa zote, akaunti ikasoma sifuri. Mwaka wa pili alilipa 380,000 zake, akasaini muhula wa kwanza, wa pili hakusaini. Deni likawa 520,000. Mwaka wa tatu alisaini mihula yote, akalipa 260,000 za ada, na zile 120,000 za michango akazilipa kwa kontrol namba ya bweni iliyokuwa bado kwenye simu yake, wakati bweni lenyewe alikwisha kulilipia. Akaunti ya ada inasoma deni la 640,000. Akaunti ya bweni inasoma ziada ya 120,000. Yeye anasema hadaiwi hata senti, na meseji ya malipo anayo.

Meseji hiyo ni ya kweli, ila inathibitisha kwamba fedha ilitoka kwako na kuingia kwenye ankara fulani. Haisemi kuwa ndiyo ankara uliyokuwa unadaiwa. Kontrol namba ina tarakimu 12 na kila moja imefungwa kwenye ankara yake, na mfumo hausomi nia yako. Dawa yake ni barua ya kuomba uhamisho wa ziada kutoka akaunti ya bweni kwenda ya ada, ukiambatisha risiti, na kazi yenyewe inachukua dakika chache ikishafika kwa mtu sahihi. Kufika huko ndiko kunakochukua wiki. Baada ya uhamisho, deni halisi la huyu ni 520,000, na lote limetokana na saini moja. Kama mwaka wa masomo husika bado haujafungwa, afisa mikopo wa chuo anaweza kuomba fedha iletwe upya. Mwaka huo ukishafungwa, usijipe matumaini makubwa, jiandae kulipa mfukoni.

Kwa hiyo usiombe salio. Omba taarifa ya akaunti yote, mstari kwa mstari tangu mwaka wa kwanza, na uisome muhula kwa muhula: ulitozwa nini, nini kiliingia, kutoka kwa nani. Salio peke yake linakupa hasira tu.

Sasa upande wetu wa chuo, maana si kila deni ni la mwanafunzi. Bodi inakutambua kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, chuo kinakutambua kwa namba ya usajili. Kama ulirudia kidato cha nne, ukaombea mkopo kwa namba moja na chuo kwa nyingine, fedha yako inaweza kufika chuoni na kukaa bila mwenyewe. Dalili ni hii: kwenye akaunti yako ya Bodi malipo yanaonekana yametoka na ulisaini, lakini kwenye taarifa ya chuo muhula huo ni mtupu. Hapo usilipe. Nenda na nakala za taarifa zote mbili na vyeti vya kidato cha nne, mdai mhasibu. Akikujibu "lipa kwanza tutaangalia baadaye", kataa kwa adabu. Kurudishiwa fedha na chuo ni kugumu kuliko kupata digrii yenyewe.

Maktaba nitaipitia haraka. Kitabu ulichokirudisha rafuni mwenyewe, au ulichomwachia mlinzi, kwenye mfumo bado kiko mkononi mwako na faini inahesabu siku. Mpe mhudumu, subiri akipitishe kwenye mashine, uone jina lako limeondoka. Kama kimepotea, toa taarifa siku hiyohiyo, kwa sababu kwa kawaida faini inaendelea kukua mpaka utoe taarifa.

Fomu ya kutodaiwa, ile unayoizungusha kukusanya saini kabla ya kupewa cheti, ianzie kwenye saini zisizo na fedha: idara, maabara, michezo, mlezi wa bweni. Maktaba ifuate, mhasibu awe wa mwisho, maana faini ya maktaba na kioo cha bweni ulichovunja vinaishia kwake. Ukianza naye utarudi kwake.

Na kuvaa joho si kupata cheti. Jina linaingia kwenye orodha ya wahitimu kwa matokeo yaliyopitishwa na Seneti. Cheti kinatolewa kwa fomu iliyojaa saini. Vyuo vingine vinakuondoa hata kwenye orodha ukiwa na deni, vingine vinakuacha ushangiliwe na ukoo mzima, kisha dirishani unakuta bahasha haitoki. Joho nalo likichelewa kurudishwa ni deni jipya.

Kama kuzuia cheti kunasaidia kukusanya madeni, sina hakika. Asiye na cheti hapati kazi, asiye na kazi atalipa na nini? Wengine wanalipa wiki hiyohiyo kwa sababu mjomba alitishika, wengine cheti kinakaa kabatini miaka. Ukiwa kwenye kundi la pili, andika barua ya kulipa kwa awamu na uweke tarehe na kiasi. Mara nyingi hutapewa cheti mpaka umalize, lakini unaweza kuomba chuo kimwandikie mwajiri barua ya kuthibitisha kwamba umehitimu. Mwajiri aliyekwisha kukukubali mara nyingi huanza nayo.

Mkopo wenyewe wa Bodi ni deni lingine kabisa. Huo unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi ukishaajiriwa, na si huo unaokuzuia dirishani kwa mhasibu wa chuo. Kinachokuzuia pale kinaweza kuwa 60,000 za Tume, yaani 20,000 mara miaka mitatu. Taarifa ya akaunti iombe mwanzoni mwa muhula wa mwisho, wakati afisa mikopo bado anaweza kufanya kitu.