Tangazo la kazi lisiloficha pikipiki

"Wanahitajika maafisa mikopo. Vijana wachapakazi wasiozidi miaka 30, wenye shahada na uzoefu wa miaka 3, wanaoweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Mshahara mnono."

Tuchukulie tangazo hilo ni la taasisi ya mikopo midogo hapa Tanzania. Maombi yatakuja rundo. Lakini mwezi wa pili wapya wanaanza kuaga, kwa sababu walitarajia meza na kompyuta, wakakuta pikipiki, vumbi na vikundi vinavyokutana saa moja asubuhi. Kila anayeondoka anasimulia mtaani, na hiyo ndiyo sifa halisi ya mwajiri, hata tangazo lingepambwa vipi.

Kabla ya kugusa maneno, zungumza na maafisa wawili walio kazini na mmoja aliyeacha. Waulize siku yao inakwendaje, nini kiliwashangaza walipoanza, na kwa nini aliyebaki amebaki. Majibu yao ndiyo malighafi ya tangazo jipya.

"Shinikizo", kwa mfano, lina maana gani hasa? Kwa afisa mikopo ni kumfuata mteja aliyechelewesha rejesho, anayemkwepa, na kurudi kwake kesho bila kumtukana. Basi andika hivyo hivyo: "Utahudumia vikundi 20, utavitembelea kwa pikipiki ya ofisi, na sehemu ya kazi ni kufuatilia wanaochelewa kulipa. Kazi ni siku sita, saa 45 kwa wiki. Mshahara ni shilingi 600,000 hadi 750,000 kabla ya makato. Mafuta yanalipwa na ofisi." Jema nalo liandikwe, ila liwe na ushahidi: kama mameneja wawili wa matawi walianza wakiwa maafisa mikopo, sema hivyo badala ya "fursa za kukua".

Saa 45 ndicho kikomo cha kawaida kisheria kwa wiki. Zikizidi, ni malipo ya ziada. Sharti la umri nalo liondoe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa umri, na inamlinda hata mwombaji. Shahada nayo ihoji: kama anayefanya kazi vizuri leo ana cheti na leseni ya pikipiki, omba hivyo.

Maombi yatapungua, na wakubwa watauliza kulikoni. Usiwaonyeshe idadi ya bahasha. Waonyeshe wangapi walijitoa baada ya kuelezwa kazi kwenye usaili, na wangapi waliacha kabla ya kumaliza muda wa majaribio, tangazo la zamani na jipya. Namba hizo zisiposhuka, tatizo liko kwenye kazi yenyewe, pengine kwa msimamizi au kwenye malengo yasiyofikika, na hapo hakuna tangazo litakalosaidia.

Mwisho, mpe rasimu afisa aliye kazini aisome kwa sauti. Sentensi itakayomfanya acheke, ifute.