"Sindano ya aleji" uliyochomwa si tiba ninayoizungumzia

Kila masika ikiisha nasikia maneno yaleyale: "Nilishachomwa sindano ya aleji, ikanisaidia wiki kadhaa tu." Ile uliyochomwa takoni mara moja ni steroidi inayokaa muda mrefu mwilini. Inazima uvimbe kwa wiki chache, halafu inaisha. Ukiirudia kila msimu, sukari inapanda na mifupa inadhoofika, na mwili haujajifunza lolote.

Tiba ya kuuzoesha mwili chavua inayouletea aleji ni kitu kingine kabisa. Ndani ya dawa kuna chavua yenyewe. Unaanza na kiasi kidogo sana, kinaongezwa hatua kwa hatua, hadi seli za kinga zinazotuliza wenzao zinaongezeka na mwili unatengeneza kingamwili za IgG4, zinazoidaka chavua kabla haijafika kwenye IgE, kingamwili ya aleji inayochochea histamini, kemikali inayoleta chafya na kuwashwa. Hilo halifanyiki kwa mchomo mmoja. Sindano huchomwa chini ya ngozi ya mkono, kila wiki kwa miezi kadhaa, kisha kila mwezi, jumla miaka 3. Ukichagua matone badala ya sindano, hushikiliwa chini ya ulimi dakika 2, kisha unameza, kila siku, kwa miaka hiyohiyo. Mdomo kuwasha wiki za mwanzo ni kawaida. Anayeacha baada ya mwaka kwa sababu amepata nafuu, kwa kawaida dalili humrudia.

Sasa jambo linaloniudhi zaidi: chavua ipi? Chukua mwalimu wa Moshi anayepiga chafya na kuwashwa macho Mei hadi Julai, na setirizini pamoja na dawa ya kupulizia puani, akizitumia vizuri, hazimtoshi. Kipimo cha ngozi, baada ya kuacha setirizini wiki nzima, kinaonyesha uvimbe wa milimita 7 kwa ukoka na 3 kwa utitiri wa vumbi. Miezi mingine yote analala na kufagia bila shida, kwa hiyo utitiri hautibiwi. Kipimo bila dalili si ugonjwa. Anatibiwa ukoka. Lakini chupa nyingi za chavua ya majani zimetengenezwa kwa majani ya Ulaya kama timothi, na protini za ukoka hazifanani nazo vya kutosha. Soma lebo: iandikwe Cynodon dactylon, jina la kitaalamu la ukoka. La sivyo atalipia miaka 3 bure.

Tiba hii asipewe mwenye pumu isiyodhibitiwa. Anayetumia atenololi au propranololi aseme mapema, maana dawa ikimletea aleji kali, adrenalini ya kumwokoa inaweza kushindwa kumsaidia. Mjamzito haanzishiwi, ila aliyekwishaanza na anaivumilia anaweza kuendelea. Baada ya kila sindano, na baada ya tone la kwanza, kaa kliniki dakika 30. Ukiondoka mapema, koo likibana ukiwa ndani ya daladala hakuna wa kukuchoma adrenalini pajani.

Na hata ukoka ukiwa sahihi, hakuna kipimo kinachonionyesha mapema nani atapata nafuu. Ikipita miaka 2 bila mabadiliko yoyote, nasimamisha.