Msambazaji hewa: makaratasi yamekamilika, kazi haipo

Wafanyakazi hewa mmewasikia sana. Ndugu yao, msambazaji hewa, hatajwi mara nyingi, nami katika ukaguzi wa ndani nimemkuta zaidi ya mara moja. Karibu kila mara huwa anauza huduma, si bidhaa. Bidhaa lazima ipite stoo, ipokelewe na kuhesabiwa. Huduma inathibitishwa na saini tu.

Huyu ninayemkumbuka zaidi "alifanya matengenezo ya viyoyozi". Oda ya ununuzi ipo, hati ya kuthibitisha kazi ipo, ankara ipo, na zote tatu zinalingana hadi senti ya mwisho. Ulinganisho huo wa hati tatu ndio kinga tunayoitegemea zaidi, lakini hausaidii kitu pale mtu mmoja anapokuwa na mkono katika zote tatu.

Kilichonishtua ni namba za ankara: 0041, 0042, 0043, zikifuatana kwa miezi saba. Fundi mwenye wateja wengine namba zake zingeruka. Huyu mteja wake tulikuwa sisi peke yetu. Nikatazama viwango: 487,000, 492,000, 495,000. Meneja wa idara alikuwa na mamlaka ya kuidhinisha mwisho 500,000. Ikizidi hapo inapanda kwa mkurugenzi.

Nikalinganisha akaunti za benki za wasambazaji na za orodha ya mishahara. Hakuna kilichooana. Wengi huishia hapo, na ni kosa, kwa sababu mwizi mwenye akili hatumii akaunti yake. Nikarudia kwa namba za simu, safari hii nikiweka na za ndugu wa karibu walioandikwa kwenye mafaili ya wafanyakazi, baada ya kuondoa nafasi na vistari. Simu ya msambazaji ikaangukia kwa mke wa karani wa manunuzi.

Hiyo bado ni dalili, si ushahidi. Mke wa mtu anaweza kuwa na kampuni halali. Nikaenda getini. Daftari la walinzi halikuwa na fundi hata mmoja katika tarehe zote zilizoandikwa kwenye hati. Kumbukumbu za mfumo nazo zikaonyesha kuwa karani huyohuyo ndiye aliyemsajili msambazaji, akaandaa oda na kuthibitisha kazi. Sasa usajili, na badiliko lolote la akaunti ya benki, viko kwa mtu asiyegusa ununuzi.

Ankara iliyotiwa chumvi ni ngumu zaidi, maana msambazaji yupo kweli na kazi inafanyika. Bei au idadi imeshaongezwa kwenye oda yenyewe, kwa hiyo hati zote zinakubaliana na uongo uleule. Katika ukaguzi huohuo, fundi mwingine, wa kweli kabisa, alikuwa akilipwa kwa kusafisha viyoyozi 22 kila robo mwaka. Nilipanda ngazi na kalamu mkononi, ghorofa hadi ghorofa. Jengo zima lina viyoyozi 14.