Dilivari bure au mteja alipie usafiri? Dhana zinazokula faida ya wauzaji wa mtandaoni

Tuchukue muuzaji wa mashuka Dar, ananunua seti Kariakoo elfu 18 anaiuza elfu 30, yaani faida ni 12,000 kabla ya usafiri. Bodaboda ya ndani ya mji tuseme 4,000. Mzigo wa mkoani, ukijumlisha boda ya kuupeleka stendi Mbezi, pesa ya basi na kiroba cha kufungia, unafika kama 10,000. Bei za kwako zitatofautiana lakini hesabu inaenda hivyo hivyo.

Dhana: Ukisema bure, usafiri unaulipa wewe.

Hapana, analipa mteja, ila amelipa ndani ya bei. Swali ni mteja gani anamlipia nani. Tuseme kwenye oda 10 sita ni za Dar na nne za mkoani, hapo usafiri wote ni 24,000 ukijumlisha 40,000, jumla 64,000, kwa hiyo wastani 6,400 kwa oda. Unaongeza 6,500, seti inakuwa 36,500, unapost "dilivari bure Tanzania nzima" na roho imetulia.

Sa tatizo linaanzia hapo. Mtu wa Sinza akiona 36,500 anajua kabisa jirani yako anauza 30,000 na boda ni 4,000, anahama. Wa Mwanza anaona umemrahisishia kuliko wote, anakuja na shoga zake. Mwezi unaofuata oda 10 zinakuwa tatu za Dar na saba za mkoani, usafiri 82,000, wastani 8,200, na wewe uliongeza 6,500 tu. Kila seti inakula 1,700 ya faida yako na wala huoni kwa sababu oda zinaingia na simu inaita. Yaani bei yenyewe ndo imekubadilishia wateja. Ndo maana wastani huo haupigwi mara moja ukaachwa, unaangalia tena oda zimetoka wapi, na mimi kwa kweli bure ya nchi nzima kwa bidhaa ya faida ndogo namna hii siikubali.

Dhana: Weka asilimia 10 kwenye kila bidhaa, imeisha.

Boda haangalii bei ya mzigo wako jamani. Hereni za 5,000 ukiongeza asilimia 10 umepata 500, boda bado anataka 4,000 yake. Usafiri unafuata umbali na ukubwa wa mzigo, kwa hiyo vitu vya bei ndogo haviwezi kubeba dilivari bure vikiwa peke yake, labda viende na kitu kingine.

Dhana: Kumtoza mteja gharama halisi ndo haki, hakuna hasara.

Inasikika vizuri ila gharama halisi unaijua mzigo ukishaondoka. Umemwambia dada wa Mbagala 4,000, mvua imenyesha boda anataka 6,000, sa ukimrudia mteja na bei mpya anaona umemgeuka, usipomrudia umelipa wewe. Afu kuna pesa ambazo hazipo kwenye risiti ya basi kabisa, kiroba, boda ya kwenda stendi, makato ya kutoa hela kwenye simu, na ile mbaya kuliko zote, boda amefika mteja hapokei simu, mzigo unarudi na unadaiwa nauli ya kwenda na kurudi.

Kinachofanya kazi zaidi ni bei za maeneo zilizopangwa mapema, mfano karibu 3,000, mbali 5,000, mkoani 10,000, umeziweka wazi kabla mtu hajauliza. Siku nyingine utapunjika mia tano, siku nyingine itazidi, zinafidiana. Na kama mteja analipia mzigo akiupokea, nauli aitume kwanza, anayegoma kutuma nauli mara nyingi ndo huyo huyo asiyepokea simu.

Dhana: Lazima uchague moja.

Wala. Angalia mtu akichukua seti mbili hapo Dar, faida ni 24,000 na boda ni ile ile moja ya 4,000, unabaki na 20,000. Kwa hiyo "dilivari bure Dar kwa oda ya kuanzia elfu 60" unaimudu bila kugusa bei ya 30,000, na anayetaka seti moja analipia usafiri wake. Wa mkoani mwache alipie, ila mwambie kabisa kwamba hiyo 10,000 inafikisha mzigo ofisi ya basi ya mji wake, sio mlangoni. Kutoka pale stendi hadi kwake ni boda yake mwenyewe, na hilo liandike kwenye posti kabla hajalipa maana ugomvi mwingi wa mizigo ya mkoani unaanzia hapo.